Kamba ya Bi Zainab na Hesabu ya Siku Mfululizo



Ndugu zangu katika imani, makundi yetu mengi ya kusoma Kurani hosteli sasa yanahesabu siku mfululizo. Kila usiku mtu anaandika alichosoma, na nambari iliyo kando ya jina lake inapanda: 41, 42, 43. Akikosa usiku mmoja, inarudi sifuri. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali zinazopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumishwa, hata zikiwa chache. Basi, wanasema, siku mfululizo ndizo sunna yenyewe.

Lakini Bi Aisha huyohuyo, katika Sahihi Muslim, anatueleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipopitwa na sala ya usiku kwa usingizi au maradhi, aliswali rakaa 12 mchana. Kwa hiyo katika kudumu kwake mlikuwa na usiku uliompita, na mlikuwa na njia ya kuurudia. Kihesabio cha simu hakiijui njia hiyo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anasoma kurasa 4 kila usiku katika msahafu wa Madina wenye kurasa 604. Akiendelea hivyo atakhitimu kwa siku 151, kama miezi mitano. Baada ya siku 43 amefika mwisho wa ukurasa wa 172. Usiku wa 44 anapata homa, analala. Asubuhi simu inamwonyesha 0, ilhali alama yake ndani ya msahafu bado iko ukurasa wa 172. Khitima imesogea mbele kwa siku moja tu. Lakini macho yake yako kwenye ile sifuri, na hapo nafsi humwambia: kwa kuwa imeshavunjika, pumzika mpaka Jumatatu, au mpaka mwezi mpya uandame. Usiku mmoja unazaa wiki tatu. Tena alikuwa mgonjwa! Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Musa kwamba mgonjwa na msafiri huandikiwa mfano wa yale waliyokuwa wakiyafanya wakiwa wazima na wakiwa nyumbani. Malaika wameandika, simu imefuta.

Watafiti wa tabia nao wameligusa jambo hili. Mwaka 2010 Philippa Lally na wenzake wa London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga tabia ndogo ya kila siku kwa wiki 12. Waliona kuwa kukosa mara moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana kujengeka kwa tabia hiyo.

Utajuaje kwamba nambari imeshika usukani? Tazama saa. Anayefungua msahafu saa sita kasoro dakika tano usiku, akakimbiza kurasa nne asijue alichopitia, anailisha kaunta. (Na ajabu, usiku wa manane ndipo simu inapofunga siku, ilhali siku yetu huanza Magharibi.) Hali hii inanikumbusha hadithi ya Anas: Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bi Zainab, akichoka katika sala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, kila mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka aketi.

Aliyekosa afanye nini, basi? Umar (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume, naye Muslim ameipokea, kwamba aliyelala akapitwa na uradi wake wa usiku, kisha akausoma kati ya sala ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Hiyo ndiyo fursa ya kwanza. Ikipita nayo, mimi ninashauri asibebe kurasa 8 usiku unaofuata, kwa sababu deni likikua hukimbiwa. Afungue palipo na alama, asome hata ukurasa mmoja, na kesho arudie nne zake.

Ulaini huu ni wa sunna. Sala ya faradhi iliyopita kwa usingizi au kusahau huswaliwa mara tu mtu anapoamka au kukumbuka, wala haingojei mpango wa kundi.

Kwa wasimamizi wa makundi nina ombi moja. Ondoeni idadi ya siku mfululizo, kila mtu aandike ukurasa aliofika. Dada zetu pia watapumua, maana katika makundi ya sala ya Dhuha au saumu za Jumatatu na Alhamisi, hesabu zao hukatwa kila mwezi kwa udhuru aliouweka Mwenyezi Mungu mwenyewe. Na aliyenyamaza siku tatu asitajwe mbele ya wote. Mmoja amwandikie faraghani, amsalimie, aulize hali yake kwanza, kisha amuulize alama yake iko ukurasa gani.

Wabillahi tawfiq.