Darubini Iliyoegemea Mwanga

Darubini ya anga ya Kepler, iliyorushwa na NASA Machi 2009, ilipewa kazi ya kukazia macho upande mmoja tu wa anga, kwenye makundinyota ya Dajaja na Kinubi. Ilitazama nyota zaidi ya 150,000 kwa pamoja, ikingoja mwanga wa mojawapo upungue sayari inapokatiza mbele yake. Sayari ya ukubwa wa Dunia hupunguza mwanga wa nyota kama Jua letu kwa chini ya sehemu 1 kati ya 10,000. Darubini ikiyumba, hata kidogo mno, upungufu huo hauonekani tena.

Utulivu huo haukuletwa na injini. Ndani ya Kepler mlikuwa na magurudumu manne mazito yanayoendeshwa na mota za umeme. Mota ikiongeza kasi ya gurudumu kuelekea upande mmoja, chombo kizima hugeuka taratibu upande wa pili, kwa kuwa angani hakuna kitu cha kukizuia. Umeme wenyewe unatoka kwenye paneli za sola, kwa hiyo mafuta hayaguswi. Magurudumu matatu yanatosha kugeukia pande zote. La nne lilikuwa la akiba.

Hata hivyo, mwanga wa Jua una msukumo. Kwenye mita moja ya mraba haufikii hata uzito wa miligramu moja, lakini haukomi usiku wala mchana, na usipogonga chombo sawasawa pande zote hukipindua polepole. Magurudumu huupokea msukumo huo kwa kuzidi kuongeza kasi. Hayaumalizi, yanauhifadhi tu, na kasi ina kikomo. Kwa hiyo kila baada ya siku chache Kepler iliwasha injini zake ndogo za haidrazini, zikakishikilia chombo wakati magurudumu yakipunguzwa kasi. Napenda watu wajue jambo hili, maana husemwa kirahisi kwamba magurudumu hayahitaji mafuta. Kugeuka hakuyahitaji. Kuupakua mzigo uliokusanywa na magurudumu ndiko kunakoyatumia.

Julai 2012 gurudumu moja lilikufa. La pili lilianza kuonyesha dalili mapema 2013: msuguano uliongezeka, yaani mota ilidai nguvu zaidi ili kudumisha kasi ileile. Wahandisi waliyapumzisha magurudumu siku kadhaa, wakitumaini vilainishi vingesambaa upya kwenye beringi. Mwezi Mei data zilionyesha mota ikiamriwa kusukuma kwa nguvu zake zote, na gurudumu limesimama kabisa. Walijaribu kulifufua, likazunguka kidogo, msuguano ukarudi. Agosti waliacha kujaribu.

Yakabaki mawili. Haya yaliweza kuelekeza darubini mahali inapotakiwa, ila hayakuweza kuizuia isijiviringe kuzunguka mhimili wake wa kutazamia. Hapo wahandisi walifanya jambo ninaloliheshimu kuliko ugunduzi wowote wa Kepler: waliacha kupambana na Jua. Paneli za chombo hicho zimeungana katikati na kufanya mgongo. Mgongo ukielekezwa sawasawa kwa Jua, mwanga husukuma pande zote mbili kwa nguvu sawa, na chombo hutulia juu ya msukumo uleule uliokuwa ukikisumbua. Utulivu huo ni kama wa ndoo ya maji kichwani: ipo sawa, lakini ukiiacha itaegemea upande mmoja. Kwa hiyo injini zilikirekebisha chombo kidogo takriban kila baada ya saa 6.

Bei yake ilikuwa kubwa. Ili mwanga uangukie mgongo sawasawa, darubini ililazimika kutazama ukanda wa buruji, ile njia ambayo Jua huonekana kuipitia katika mwaka, na kila baada ya siku 80 hivi ihame kabla Jua halijaingia kwenye mdomo wake. Dajaja na Kinubi viko mbali na njia hiyo. Nyota zilizofuatiliwa kwa miaka minne ikabidi ziachwe, na kuna sayari zilizohitaji miaka zaidi ili zithibitishwe. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu, kuliko hesabu zote. Mpango huo mpya, K2, ulianza 2014.

Kwenye ukanda huo, katika kundinyota la Dalu, ipo nyota ndogo nyekundu iitwayo TRAPPIST-1, ambayo Kepler isingeiona kamwe kama magurudumu yangebaki mazima. Data za K2 za mwanzoni mwa 2017 zilisaidia kubaini kwamba sayari yake ya saba huizunguka kwa siku karibu 19.

Oktoba 2018 NASA ilitangaza mwisho wa Kepler. Kilichoisha ni haidrazini.