Mbwa Anasikia. Je, Anaelewa?

Kwa Kiswahili, mtoto mtundu "hasikii". Masikio yake ni mazima na maneno yamemfikia. Tunachosema ni kwamba hatii. Kitenzi hicho kimoja kinabeba kunasa sauti, kinabeba kufuata amri, na mtu anapouliza "Umenisikia?" kinabeba hata kuelewa. Nimekuwa nikikiwazia tangu nilipoanza kusoma tafiti kuhusu mbwa na maneno kwa ajili ya somo la falsafa ya lugha katika shahada yangu ya uzamili. Kila ninayemsimulia huuliza kwanza: mbwa anaweza kujua maneno mangapi? Namba zipo, na nitazitaja. Ila kabla ya kuhesabu inabidi tujue tunahesabu nini: kusikia, kutii, au kuelewa.

Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Juliane Kaminski na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani. Ulimhusu Rico, mbwa wa jamii ya boda koli, ambao kwa asili ni wachunga kondoo. Ilisemekana anajua majina ya vitu 200, vingi vikiwa vitu vya kuchezea. Watafiti walikuwa na sababu ya kutilia shaka. Karne moja kabla, farasi mmoja wa Berlin aliyeitwa Hans alisifiwa kwa kujua hesabu, mpaka Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba farasi huyo alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji. Kwa hiyo vitu vya Rico viliwekwa chumba kingine, kumi kwa mara moja, na mwenye mbwa alimwagiza akiwa mahali ambapo hakuweza kuviona. Rico aliagizwa mara 40, akaleta kitu sahihi mara 37.

Kisha wakamtega. Kati ya vitu saba anavyovijua walitia kimoja kigeni, wakamwita kwa jina ambalo hajawahi kulisikia. Mara saba kati ya kumi Rico alileta kile kigeni, kana kwamba amewaza: vingine vyote vina majina, basi jina hili ni la huyu mgeni. Watoto wadogo hujifunza maneno kwa njia inayofanana na hiyo.

Katika toleo hilohilo, mwanasaikolojia Paul Bloom aliuliza swali ambalo naliona zito kuliko namba zote. Mtoto anapojua neno "soksi", analijua popote: anaiomba, anaionyesha kwa kidole, anauliza iko wapi. Rico alionekana akifanya jambo moja tu, kuleta. Huenda basi kwake "soksi" halikuwa jina la kitu. Huenda lilikuwa amri nzima, "kaniletee soksi", na ana amri 200 za namna hiyo. Kwa lugha yetu, Bloom alikuwa akisema: tumeona mbwa anayesikia, bado hatujaona mbwa anayeelewa.

Aliyejaribu kulijibu swali hilo ni John Pilley, profesa mstaafu wa saikolojia wa Chuo cha Wofford, South Carolina, Marekani. Alimfundisha boda koli wake, Chaser, kwa saa nne hadi tano kila siku kwa miaka mitatu. Vitu vilifika 1,022: zaidi ya 800 vya kitambaa, vingine mipira, visahani vya kurusha na vidude vya plastiki. Pilley aliandika jina la kila kimoja kwa kalamu ya wino mzito, maana yeye mwenyewe asingeyakumbuka yote. Chaser alipimwa kwa mafungu ya vitu 20, na hakushuka chini ya 18.

Magazeti yalishika ile 1,022. Mimi nimeshikwa na jaribio dogo ndani ya makala hiyo, iliyotoka pamoja na Alliston Reid mwaka 2011. Walichukua vitenzi vitatu: chukua, gusa kwa mguu, gusa kwa pua. Walichukua vitu vitatu vyenye majina, wakaviunganisha na vitenzi hivyo kwa namna ambayo Chaser hakuwahi kufundishwa. Kama jina lingekuwa limegandamana na amri ya kuleta, angeagizwa kugusa kitu kwa pua angejikanganya. Hakukosea hata mara moja. Kitenzi kilikaa peke yake, jina likakaa peke yake. Huo ni mwanzo wa neno.

Hata hivyo Chaser si kipimo cha mbwa wa jirani yako. Mbwa wengi wakifundishwa majina ya vitu hata viwili hushindwa kuvitofautisha. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka 2022, wenye mbwa waliripoti wastani wa maneno 89 ambayo mbwa wao huitikia, na mengi yalikuwa amri. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest waligundua pia kwamba ubongo wa mbwa hulipokea neno linalojulikana na neno bandia linalotofautiana nalo kwa sauti moja karibu kwa namna ileile.

Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2024 kutoka Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, hukohuko Budapest, ulinigusa. Mbwa 18 wa kawaida walibandikwa vihisio kichwani vya kupima umeme wa ubongo. Mwenye mbwa alitaja kitu, kisha kwenye dirisha akaonyesha ama kitu hicho au kingine. Mbwa hakuagizwa kufanya lolote. Kitu kilipokuwa tofauti na neno, mchoro wa ubongo ulibadilika, kwa namna inayofanana na ya binadamu anaposikia neno lisilolingana. Maana yake ni kwamba jina lilikuwa limeamsha picha ya kitu kabla hakijaonekana. Na mbwa wenye maneno machache walionyesha hayo sawa na wenye mengi.

Tazama jaribio hilo limejengwa juu ya nini: mtu anasema neno, kisha analivunja. Kiumbe kinachotii tu huwezi kukidanganya kwa neno. Unaweza tu kukiamuru vibaya. Anayeweza kudanganywa ni yule ambaye neno limemjengea tarajio. Katika nyumba za kupanga ninapoishi, watoto hupaza sauti "Nyama!" ili mbwa wa mlinzi atoke mbio bandani, wacheke akikuta sahani tupu. Mama mwenye nyumba huwakemea kwa kupiga kelele. Nadhani kuna sababu nzito zaidi ya kuwakemea.

Wengine watasema mbwa hufuata sauti tamu tu. Mwaka 2016 Attila Andics na wenzake waliwalaza mbwa 13 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha maneno ya sifa na maneno yasiyo na maana kwao, kila aina kwa sauti ya kusifu na kwa sauti ya kawaida. Sehemu za ubongo zinazohusika na furaha ya tuzo zilichangamka pale tu neno la sifa lilipokuja na sauti ya sifa. Utamu wa sauti bila neno haukutosha.

Tumezoea kuipima heshima tunayomdai mnyama kwa ukubwa wa akili yake, na hapo ndipo hesabu ya 1,022 inapotupoteza. Chaser hakustahili ukweli mara elfu kuliko mbwa anayejua "nyama" na "njoo". Neno moja linaloamsha tarajio linatosha kumfanya mtu awe na ahadi kwa mbwa wake, na ahadi hiyo inaweza kutimizwa au kuvunjwa kama nyingine yoyote.