Huyu ni Mtoto wa Watu

"Huyu ni mtoto wa watu. Wangu iko wapi?"

Hayo ndiyo maneno ya Koko tulipompelekea picha ya mjukuu wake. Tulikuwa tumeifanyia kazi wiki mbili. Hakukasirika, aliirudisha tu mikononi mwetu kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Mjukuu alifariki kwa ugonjwa, hapa hapa Nakivale, na kitu alichobaki nacho Koko ni picha moja ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya karatasi za shule.

Mimi nafanya kazi na vijana wa sanaa. Kijana aliyechora ana kipaji, na anapenda sana staili ya Tingatinga. Si mnajua, ile aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta kama zile za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi inalala bapa, mistari iko wazi, macho makubwa. Nilipomwambia kijana kwamba Koko amekataa, akanijibu: "Kaka, msanii ana uhuru. Akitaka sura kamili, si picha anayo?"

Jibu hilo lilinisumbua njiani kote. Ni kweli, kama tunanakili tu, kwa nini tuchore? Lakini pia, kama yule mtoto hayumo ndani, tumemchora nani? Nikaona kwanza tujue kosa liko wapi, ndipo tubishane kuhusu uhuru.

Wengi tunafikiri mtu anatambulika kwa alama. Na kwa mtu maarufu ni hivyo. Miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya Kongo katika picha zaidi ya mia moja. Lumumba wake unamjua mara moja: miwani, ndevu za kidevuni, nywele zilizogawanywa kwa mstari. Ukiziweka hizo, hata sura ikiyumba kidogo, Mkongomani atasema huyo ni Lumumba. Sasa mjukuu wa Koko hakuwa na miwani wala ndevu. Mtu wa kawaida hana alama ambazo taifa zima linazijua. Ana uso wake tu.

Basi tukarudi kwenye uso. Picha ya pasipoti ina upana wa sentimita 3.5 na urefu wa 4.5. Tulipiga fotokopi yake, kwa sababu ile ya Koko hatukuthubutu kuiandika, tukaigawa kwa rula na penseli kali katika miraba ya nusu sentimita: saba kwa upana, tisa kwa urefu. Kwenye hadibodi tukachora miraba ile ile ya sentimita tano kila mmoja. Kila kitu kinakuwa mara kumi. Ukikosea milimita moja kwenye picha, ubaoni umekosea sentimita nzima.

Tulipoweka mchoro wa kwanza juu ya miraba hiyo, makosa yakajitokeza yenyewe. Macho yalikuwa yamekuzwa, halafu ili yapate nafasi yakasogezwa mbali na pua. Kidevu kilikuwa mviringo, wakati cha mtoto kilichongoka. Nyusi zilipandishwa juu na kufanywa nyembamba. Hapo kwenye nyusi nilishangaa baadaye kusoma kwamba watafiti waliwahi kufuta nyusi kwenye picha za watu maarufu, na watu wakashindwa kuwatambua kuliko hata macho yalipofutwa. Sisi tulizichukulia kama mapambo.

Kosa la pili lilikuwa kivuli. Staili ile haipendi kivuli, kwa hiyo uso ulipakwa kahawia moja tu. Lakini uso unatambulika kwa mahali palipo giza na mahali palipo mwanga. Waliowahi kushika negativu za studio za zamani wanajua: kila kitu kipo pale, lakini giza limekuwa mwanga, na unaweza usimjue hata ndugu yako. Tukafanya hivi: unabana macho mpaka vitu vidogo vipotee, unabaki na mabaka matatu, giza, kati na mwanga. Tukayachora mabaka hayo kwa mistari, kila baka likapakwa bapa, bila kuchanganya kingo. Staili ikabaki. Na hapo kijana akagundua jambo lililomfurahisha: rangi yenyewe ni huru. Penye giza alipaka zambarau, katikati akapaka nyekundu ya udongo, penye mwanga njano. Mradi zambarau ni nzito kuliko nyekundu, na nyekundu nzito kuliko njano, uso unashika. Kuhakikisha ni rahisi: piga mchoro kwa simu, uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uuweke kando ya picha. Kisha vigeuze vyote viwili kichwa chini. Jicho likiacha kuona "mtu," linaona umbali wa kitu na kitu.

Kosa la tatu lilikuwa langu. Juu ya nyusi ya kushoto mtoto alikuwa na kovu. Nilimwambia kijana aliache, nikidhani ni heshima. Koko ndiye aliyeuliza, "Kovu yake mumeitupa wapi?" Nilijiona mwema, kumbe nilikuwa nimemsahihisha mtoto wa mtu.

Rangi ziliisha, nikapanda gari hadi Mbarara kununua nyingine. Mchoro wa pili ulipofika, Koko aliutazama muda mrefu. Kisha akauliza: "Nani aliwaambia alikuwa anakunja hivi mudomo?" Hakuna aliyetuambia. Ilikuwa kwenye picha, upande mmoja chini kidogo ya mwingine, na mara ya kwanza tuliinyoosha.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Msanii ana uhuru wa rangi, wa mstari, wa nguo, wa ndege na maua ya nyuma. Lakini umbali kati ya vitu vya uso, mpangilio wa giza na mwanga, na kovu, hivyo si vyake. Ameazimwa.

Kuna upande wa pili, na hapa nazungumza pia na ndugu zetu wa mashirika. Kabla ya haya yote, tuliwahi kuchora bango kutokana na picha ya dada mmoja. Tuliamini kwamba tukiigeuza picha kuwa mchoro, tumemficha. Wiki ile ile watu walimsimamisha sokoni wakimtaja bango. Yeye ana mtu anayemkimbia. Wakati ule nilisema ni bahati mbaya. Sasa najua sababu: tulibadilisha rangi, ambayo haimfichi mtu, tukaacha nyusi na umbali wote mahali pake. Mchoro unaofanana ni picha bado. Anayehitaji kufichwa achorwe kwa mgongo, au mikono yake tu, au achorwe mtu wa kubuni, na asemwe ni wa kubuni.

Siku hizi kabla ya kuchukua penseli namuuliza mwenye uso, au ndugu yake: unataka nani akutambue, na nani asikutambue? Koko alitaka kila anayeingia nyumbani kwake amjue mjukuu. Yule dada aliniambia, "Mimi nataka nijijue peke yangu." Tukamchora mikono.