Sare Moja, Mashati Mangapi?

Watetezi wa sare za shule husema kwamba nguo moja huwafanya watoto wawe sawa. Wapinzani hujibu kwamba inafunika tu tofauti zilizopo. Naona pande zote mbili hazijalitazama shati lenyewe.

Katika shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania, msichana huvaa shati jeupe na sketi ya bluu. Chukua wasichana wawili wa deski moja: mmoja ana mashati matatu, mwenzake analo moja. Jumatatu asubuhi hawatofautiani. Kufikia Jumatano, mwenye shati moja amelifua usiku na kulikausha karibu na jiko la mkaa, na anafika darasani likiwa bado bichi kwenye mishono. Baada ya mwaka, weupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na upindo wa sketi ulioshushwa umeacha mstari wa bluu iliyokoza. Kwa kuwa wote wamevaa kitu kilekile, mstari huo ndio unaoonekana haraka. Watoto hawaachi kulinganishana. Wanajifunza tu kusoma alama ndogo zaidi.

Hata hivyo, sare inampa msichana huyu kitu cha thamani. Pasipo sare, kuvaa nguo ileile siku tano ni aibu. Penye sare, ndiyo kanuni, na hakuna anayeweza kumuuliza kwa nini. Hapo sioni kufunika umaskini, naona heshima.

Tatizo langu liko kwenye ukaguzi wa usafi mstarini. Nguo ya nyumbani iliyochakaa ingemwonyesha mwalimu wa zamu kwamba mtoto hana. Sare iliyochakaa inamwonyesha kwamba mtoto hajali. Ukosefu umegeuzwa kosa, na kosa lina adhabu. Upendeleo ule wa zamani unaendelea, ila sasa unaitwa nidhamu.

Mwaka 2003 Kenya ilipofuta ada za shule za msingi, wazazi waliendelea kununua sare. Mwaka huohuo, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza jaribio katika shule 328 za magharibi mwa nchi hiyo. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la 6 walipewa sare bure. Walioacha shule walipungua, na wasichana waliopata mimba au kuolewa mapema walipungua pia. Kumbe nguo iliyotarajiwa kuwasawazisha watoto ndani ya uzio ilikuwa inawabakiza wengine nje ya geti.

Kwa hiyo sipingi sare. Napinga kudai usawa wa nguo bila kujali nani ameinunua. Shule inayokagua weupe wa shati inapaswa kwanza kujua mtoto huyo ana mashati mangapi, na kama analo moja, impatie la pili kabla ya kumtoa mstarini.