Sponji ya Wino Taka Ikijaa: Neno kwa Vijana wa Stesheneri

Vijana wangu mnaokaa nyuma ya meza za stesheneri, nanyi mnaojifunza ufundi wa printa, leo nataka tuzungumze kuhusu ujumbe mmoja tu. Ni ule unaotokea kwenye kompyuta ukisema "A printer's ink pad is at the end of its service life", huku taa za printa zikipepesa kwa kupokezana na mashine ikigoma kutoa hata ukurasa mmoja. Wengi wenu mkiuona mnakimbilia mtandaoni kutafuta programu ya kuriseti. Nawaomba muanze kwingine. Shikeni bisibisi kwanza.

Tuchukue Epson L3110, maana imejaa madukani kwetu. Kichwa cha printa kikimaliza kazi huenda kuegeshwa upande wa kulia. Chini ya maegesho hayo kuna pampu ndogo. Kila mara mashine inaposafisha kichwa, pampu hufyonza wino kupitia matundu ya kichwa na kuusukuma kwenye mrija mwembamba mpaka kwenye trei ya plastiki iliyojazwa vipande vya sponji. Huo ndio wino taka. Haurudi kwenye tangi wala haufiki kwenye karatasi, na njia pekee ya kupungua ni kukauka kidogo kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo vijana wengi wanapopotea. Ndani ya trei ile hamna kitambuzi chochote kinachogusa sponji. Kaunta ni namba iliyohifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu katika bodi kuu. Kila usafishaji una thamani yake iliyopangwa kiwandani, nao ukifanyika namba hupanda. Ikifika asilimia 100 mashine hujifunga. Kaunta ni kama karani anayeandika magunia yanayoingia ghalani bila kufungua mlango wa ghala kuona nafasi iliyobaki. Kwa hiyo sponji yaweza kuwa na nafasi bado, kwa sababu maji ya wino yamekauka, hasa penye hewa kavu. Yaweza pia kuwa imefurika ilhali kaunta inasoma sifuri, kwa kuwa kuna mtu aliiriseti bila kugusa sponji. Namba ile ina maana pale tu sponji safi na sifuri vilipoanza pamoja.

Kinachoijaza sponji si wingi wa kurasa. Wino wa ukurasa huenda kwenye ukurasa. Kinachojaza ni kusafisha kichwa ovyo, na zaidi ule usafishaji mkubwa uitwao Power Cleaning, ambao hutumia wino mwingi mno kwa mara moja. Kuna pia tabia ya kuzima printa kwenye soketi badala ya kitufe chake. Ukikata umeme ghafla, kichwa chaweza kubaki nje ya kifuniko chake kikakauka, na umeme ukirudi mashine hulazimika kujisafisha. Duka linalofanya hivyo kila jioni linamwaga wino wake kwenye trei kila asubuhi.

Niliitwa kwenye duka moja karibu na shule, linalochapa mitihani. Printa yao ya matangi iligoma, kijana mmoja akaja akaiondolea ujumbe kwa kompyuta yake, akalipwa akaondoka. Baada ya miezi kadhaa ujumbe ukarudi, akafanya vilevile. Nilipofika mimi, migongo ya karatasi ilikuwa na madoa meusi, na chini ya mashine meza ilikuwa imelowa. Nilipotoa trei, sponji ilikuwa nzito inayochuruzika ukiiinamisha, na wino ulikuwa umetambaa kwenye sakafu ya plastiki ukielekea upande wa umeme. Kaunta wakati huo ilikuwa chini ya nusu. Mwenye duka alilipia kazi mara mbili bila kazi yenyewe kufanyika.

Njia za kweli ni hizi. Kama mashine bado ina dhamana, usiifungue. Ipeleke kwa wakala aliyeidhinishwa, abadilishe sponji na kurudisha kaunta. Kama dhamana imekwisha, badilisha mwenyewe. Kwenye L3110 trei iko nyuma, upande wa kulia ukiitazama mashine kutoka mbele, na imeshikwa na skrubu moja. Zima mashine kwa kitufe, chomoa waya, vaa glovu, tandika magazeti. Ivute trei taratibu, kisha uutoe mrija bila kuukunja. Piga picha ya mpangilio wa vipande kabla hujavitoa. Trei mpya zinauzwa zikiwa na sponji zake. Ukikosa, osha ile ya zamani kwa maji mpaka yatoke karibu meupe, ikamue, uikaushe hadi ndani kabisa. Hilo ni suala la siku, si saa, na kwenye mwambao wenye unyevu huchukua muda zaidi. Sponji mbichi ukiirudisha umerudisha sponji iliyojaa.

Wapo wanaoutoa mrija nje na kuutia kwenye chupa. Kwa duka lenye kazi nyingi hilo linafaa, mradi chupa ikae chini kuliko printa, kifuniko kiwe na tundu la hewa, na mtu asiihamishe mashine bila kukumbuka chupa. Chupa ikiwekwa juu, wino hukosa njia ya kushuka na unaweza kurudi kwenye maegesho ya kichwa.

Baada ya hapo ndipo kuriseti. Programu za huduma zina ukurasa wa "Waste ink pad counter". Unachagua "Main pad counter", unasoma asilimia, unarudisha sifuri, unazima mashine na kuiwasha. Mashine nyingine zina kaunta ya pili, ya wino unaomwagika pembeni unapochapa picha zisizo na ukingo. Isome nayo, lakini usiirudishe sifuri kama sponji yake hukuigusa. Programu halali za kulipia zinauza ufunguo mmoja kwa riseti moja. Zile zilizovunjwa zinazotaka uzime kinga ya virusi ndipo zifunguke, ziacheni. Kompyuta ya stesheneri hupitisha vyeti, vitambulisho na barua za wateja. Huna haki ya kuvihatarisha kwa kuokoa fedha ya ufunguo.

Anayenunua printa leo na aangalie hili mapema. Zipo aina, kama Epson L6170 inayotumia kisanduku cha T04D1, ambazo wino taka wake huingia kwenye kisanduku kinachobadilishwa na mwenye mashine mwenyewe. Kisanduku kina chipu yake, kikijaa unaweka kipya, hamna bisibisi wala programu. Mashine hizo huuzwa ghali zaidi, lakini kwa duka linalochapa kutwa mimi ningelipa tofauti hiyo.

Na ninyi mnaotoza mteja kwa kuriseti tu, mwambieni wazi kabla ya kupokea fedha kwamba sponji haijabadilishwa. Mkiibadilisha, andikeni tarehe kwa kalamu ya maka kwenye trei yenyewe, ili fundi atakayeifungua baada yenu ajue sponji ina umri gani na namba ya kaunta ilianza lini.