Viinitete Viwili kwa Pamoja, au Kimoja Baada ya Kingine?



Mume na mke waliokosa mtoto kwa miaka mingi waweza siku hizi kufikishwa mbele ya swali ambalo wazee wetu hawakulijua. Mayai ya mke yamekwisha kutolewa, yamekutanishwa na mbegu za mume katika maabara, na siku ya tano vimepatikana viinitete viwili vilivyo hai. Daktari auliza: "Tuweke kimoja au vyote viwili?" Wengi hujibu papo hapo kwamba viwekwe vyote. Huwaza kuwa mbegu mbili zina tumaini kuliko moja, na zikiota zote, basi mapacha ni furaha maradufu. Yatupasa kulipima jibu hilo, kwa sababu hatari yake hubebwa pia na mtoto, naye hakuulizwa.

Kwanza tufahamu jinsi viinitete vinavyopimwa. Siku ya tano, kiinitete kilichokua vyema huwa kama kifuko kidogo chenye maji, ambacho hakionekani sawasawa ila kwa darubini. Wataalamu wa maabara hukipa daraja, mathalani 4AB. Tarakimu, ambayo huanzia 1 hadi 6, yaeleza jinsi kifuko kilivyopanuka. Herufi ya kwanza yahusu kifundo cha chembe kilicho ndani, ambacho kutokana nacho mtoto hufanyika. Herufi ya pili yahusu chembe za ukuta wa nje, ambazo huja kufanya kondo la nyuma. A ni chembe nyingi zilizoshikamana vizuri. C ni chembe chache zilizotawanyika.

Lakini daraja hilo ni hukumu ya macho tu. Hutumika kuchagua kipi kitangulie kuwekwa, wala halioni kasoro zilizofichika ndani ya chembe. Kiinitete cha 4AA chaweza kutoshika mimba, na cha daraja la chini chaweza kuleta mtoto mwenye afya kamili. Basi mzazi asidhani kwamba herufi hizo zinasema lolote juu ya akili au tabia ya mtoto.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika nchi za Skandinavia. Wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36, kila mmoja akiwa na viinitete vizuri visivyopungua viwili, waligawanywa makundi mawili kwa kura. Wanawake 331 waliwekewa viwili kwa pamoja. Wengine 330 waliwekewa kimoja kibichi, yaani kisichogandishwa. Na ambaye hakujaliwa kupata mtoto, aliwekewa baadaye kimoja kilichokuwa kimehifadhiwa katika baridi kali.

Matokeo yalikuwaje? Katika kundi la viwili, wanawake 142 walijifungua, yaani kama 43 katika kila 100. Katika kundi la kimoja, kile kibichi peke yake kiliwapa watoto wanawake 91, yaani kama 28 katika kila 100. Kama hesabu ingeishia hapo, wenye kupenda viwili wangekuwa wameshinda. Lakini kiinitete cha pili hakikutupwa, kilikuwa kikingoja. Vilipotumika vile vilivyogandishwa, idadi ilifika 128, yaani kama 39 katika kila 100. Tofauti ikabaki ndogo.

Ama kuhusu mapacha, tofauti ilikuwa kubwa mno. Katika wale 142, wanawake 47 walizaa zaidi ya mtoto mmoja. Katika wale 128, ilitokea kwa mmoja tu, kwani hata kiinitete kimoja huweza mara chache kugawanyika chenyewe.

Huenda mtu akauliza: "Mapacha wana ubaya gani?" Mapacha wenyewe hawana ubaya wowote, na wengi huzaliwa na kukua salama. Lakini karibu nusu yao, au zaidi, huzaliwa kabla ya majuma 37, na baadhi wakiwa wachanga mno hata mapafu hayajakomaa. Mama naye hukabiliwa zaidi na kifafa cha mimba na kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Ambaye amewahi kumwona njiti akihangaika kuvuta pumzi hawezi kuiita hatari hiyo jambo dogo.

Mwingine atasema: "Kilichogandishwa ni duni kuliko kibichi." Dhana hiyo ilikuwa na msingi zamani, ugandishaji ulipokuwa wa polepole na barafu ikijifanya ndani ya chembe na kuzipasua. Siku hizi maji hupunguzwa katika chembe, kisha kiinitete hugandishwa kwa ghafula hata barafu isipate nafasi ya kujifanya, kikahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika maabara nzuri, zaidi ya tisa katika kumi hubaki hai vikiyeyushwa.

Tena iko hali ambayo kungoja ni bora kuliko kuharakisha. Mwanamke ambaye sindano za homoni zimemfanya atoe mayai mengi mno aweza kuvimba tumbo, kuongezeka uzito kwa siku chache, kupungukiwa mkojo na kupumua kwa shida. Mimba ikiingia wakati huo, huuzidisha ugonjwa. Kwa huyo, viinitete vyote hugandishwa, naye huwekewa kimoja baada ya mwili kutulia. Hata hivyo, kugandisha nako kuna hadhari yake: mimba za namna hii huandamana na kifafa cha mimba mara nyingi zaidi kidogo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la fedha. Katika nchi zetu nyingi wenye ndoa hulipa wenyewe, pengine kwa kuuza shamba, na kila safari ya kuwekewa ina gharama yake. Hatuwezi kuwalaumu wakitamani kumaliza yote kwa mara moja. Lakini na waweke katika mizani pia gharama za majuma mengi ya kuwalea watoto njiti hospitalini, ambazo huja bila kuulizwa kama fedha ipo.

Wala sisemi kwamba kimoja ni sheria kwa kila mtu. Uchunguzi ule ulihusu wanawake chini ya miaka 36 wenye viinitete vizuri. Kadiri umri unavyozidi, viinitete vyenye kasoro huongezeka, na uwezekano wa viwili kushika kwa pamoja hupungua. Kwa sababu hiyo mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani wahimiza kimoja kwa aliye chini ya miaka 35 mwenye matumaini mazuri, lakini waruhusu hadi viwili vya siku ya tano kwa mwenye miaka 38 hadi 40. Basi mke wa miaka 39 aliyekwisha kushindwa mara mbili, mwenye viinitete viwili vya 3BC na 3CC, akichagua viwili hakutenda uzembe. Mke wa miaka 30 mwenye viwili vya 4AA yuko mbali naye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifikishwa mbele ya swali hili, muulize daktari wako mambo matatu: viinitete vyangu ni vya daraja gani, katika maabara yenu, vingapi katika kumi hubaki hai vikiyeyushwa, na kwa umri wangu, kuweka viwili kutaniongezea nini zaidi ya mapacha? Ikiwa cha pili chaweza kungoja salama, basi kukiweka leo huenda kusiongeze sana tumaini la kupata mtoto. Kunapunguza muda wa kungoja tu. Na si haki muda huo ulipwe kwa pumzi ya mtoto.