Ziada Isiyotajwa Mwaka wala Mwezi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba hati ya deni hudhuru kwa yale iliyoyanyamazia kama idhuruvyo kwa yale iliyoyasema.

Mfano wake ni mtu aliyekopa shilingi 1,000, akatia sahihi waraka usemao: “ziada 10 kwa kila 100”, basi. Haukutaja kama ni kwa mwaka au kwa mwezi. Wala kama ziada huhesabiwa juu ya rasilmali peke yake au juu ya ziada iliyotangulia. Wala siku ya kulipa. Baada ya miaka 2 akaja mdai.

Ikiwa hesabu ni ya mwaka, juu ya rasilmali tu, ni shilingi 100 kila mwaka, na deni ni 1,200. Ikiwa ziada huzaa ziada, mwaka wa pili huhesabiwa juu ya 1,100, na deni ni 1,210. Ikiwa ni ya mwezi, juu ya rasilmali tu, ni 100 mara 24, na deni ni 3,400. Na ikiwa ni ya mwezi, nayo huzaa, deni hufika 9,849 na senti 73. Na tangu mwezi wa 8 lilikwisha pita maradufu. Waraka ni mmoja, madeni ni manne, na mdai ndiye achaguaye.

Wala asidhani mtu ya kuwa maneno hayo matatu yakiandikwa riba huwa halali. Hata ile 1,200 ni riba, kwa kuwa ni fedha iliyokopeshwa kwa sharti ya kurudi zaidi. Sura ya Bakara, aya ya 279, imempa mdai rasilmali yake tu. Aya ya 280 imeamuru mwenye dhiki angojewe. Na aya ya 282 imeamuru deni liandikwe pamoja na muda wake uliojulikana.

Huenda mtu akauliza: mbona murabaha ina faida? Jawabu ni kwamba humo mna bidhaa. Muuzaji hununua cherehani kwa 1,000, ikawa milki yake na mikononi mwake, kisha huiuza kwa 1,200, akibainisha bei aliyonunulia na faida yake, ilipwe 50 kila mwezi kwa miezi 24. Mnunuzi akichelewa, bei haiongezeki hata senti moja. Lakini muuzaji akiongeza kwa kuchelewa, imekwisha rudi riba ile ile.

Basi mwenye kuletewa hati na aulize: jumla ya kulipa ni ngapi, na siku ya mwisho ni ipi? Asipojibiwa kwa hesabu moja, asitie sahihi. Na akijibiwa, atazame tena: ikiwa jumla yapita fedha aliyokopeshwa, na aiache.

Wallahu aalam.